Mvua ya Jumatano ni ya nani?

Nyumbani kwetu Makindye tuko watu 13 katika vyumba viwili. Kuna mama yangu, kaka mkubwa na mke wake na watoto wao 4, mimi na wanangu 2, mke wa mdogo wangu na mtoto wake mchanga, na binti mmoja wa miaka 15 ambaye si ndugu wa damu. Tulitoka naye njiani tangu Kivu na hatukuachana. Uani kuna kamba moja ya kuanikia nguo, ya nailoni, kutoka nguzo ya baraza hadi mti wa parachichi. Nimeipima kwa hatua zangu: mita 8, labda na kidogo. Hiyo kamba tunaitumia sisi na mama jirani, Mrundi, ambaye naye ana watu 6.

Mimi ndiye niliyeandika ratiba. Iko ukutani kwenye karatasi ya daftari, imeshikwa kwa misumari miwili. Kwa muda mrefu nilijivunia ratiba hiyo, nikidhani nimefanya kitu cha haki kabisa: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kamba ni yetu. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ni ya jirani. Jumapili haina mwenyewe. Kila upande siku 3. Nani angelalamika?

Nataka kueleza jinsi haki hiyo ilivyonishinda, lakini kwanza lazima nieleze jinsi ratiba inavyofanya kazi. Mtu asiyejua habari ya maji hataelewa kwa nini siku moja ya kamba inaweza kuleta maneno mazito namna hii.

Sisi wakimbizi wa Kampala hatuna mgao wa chakula kama ninyi wa Nakivale au Kyaka II. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kukaa tunapotaka, na anayechagua mji anajitegemea. Maji pia tunanunua. Bombani kwetu jerikeni moja ya lita 20 ni shilingi 200, na uwezo wetu ni jerikeni 8 kwa siku, yaani lita 160. Gawa kwa watu 13, kila mtu anapata lita 12 na kidogo. Wafanyakazi wa mashirika wanaosoma hapa wanaujua mwongozo wa Sphere, unaosema mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Sisi hatujafika hapo, na siku bomba likikauka tunakuwa mbali zaidi.

Katika zile jerikeni 8, tatu ni za kunywa na kupika, moja ya vyombo, tatu za kuoga watu wote. Choo chetu ni cha shimo, hakidai maji. Inabaki jerikeni moja. Hiyo moja ndiyo ya kufulia, na jerikeni moja haifui nguo za watu 13, kwa hiyo tunaiweka akiba. Ya Jumamosi na ya Jumapili zinaunganishwa na ya Jumatatu, zinakuwa tatu. Ya Jumanne inaungana na ya Jumatano, mbili. Ya Alhamisi inaungana na ya Ijumaa, mbili. Jumla ni jerikeni 7 kwa wiki. Ndiyo maana Jumatatu ni siku ya mashuka na nguo za watu wazima, Jumatano ni ya mtoto mchanga, mama na watoto wadogo, na Ijumaa ni ya sare za shule na nguo za kazi za kaka.

Maji hayo hatuyamwagi hovyo. Nguo nyeupe zinaingia kwanza, kisha za rangi, mwisho zile chafu za kazi, zote katika povu lilelile mpaka likatae. Maji ya kusuuza mara ya pili yanakuwa maji ya kufulia fungu linalofuata. Povu la mwisho, lile la kijivu, linapiga deki vyumba na baraza, na likibaki linakwenda chooni. Nepi zinafuliwa peke yake na maji yake hayarudi popote, yanakwenda chooni moja kwa moja. Kwa hiyo kwetu usafi wa nyumba hauna siku yake. Unakwenda pamoja na ufuaji. Wiki ambayo hatukufua, sakafu nayo inabaki na vumbi.

Kupika pia kumefungwa hapo hapo. Sigiri iko uani, na moshi wa makaa ukiwa chini ya shuka nyeupe utaona mwenyewe. Siku ya kufua tunapika barazani, chungu kimoja tu, na ni maharage yaliyolowekwa tangu jana usiku, kwa sababu yaliyolowekwa yanaiva mapema na kubakiza makaa. Tunapika ya siku hiyo na ya kesho mchana, na yale ya kesho yanachemshwa tena jioni na tena asubuhi, maana hatuna friji. Sombe hatuipiki siku ya kufua hata kidogo. Inataka kutwangwa, inataka maji, inataka mtu wa kuikalia, na huyo mtu yuko kwenye beseni.

Sasa unaona. Ukisogeza siku ya kamba, umesogeza maji ya akiba, umesogeza maharage, umesogeza deki. Ratiba yetu ni kama vitenge vilivyofungwa ncha kwa ncha. Ukivuta kimoja vyote vinafuata.

Basi, mwezi wa nne mwaka jana mvua ilinyesha Jumatano.

Mvua ya mwezi wa nne Kampala si habari. Masika ni kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na mvua nyingine inarudi mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja. Lakini ile ilianza saa nne asubuhi, wifi yangu mdogo akiwa ameshafua nepi zote, na haikuacha hadi usiku. Na hapa kuna kitu kinachonikera kuhusu mvua: siku inaponyesha, maji ni ya bure. Unaacha dakika za kwanza zioshe mabati, maana yana vumbi na mavi ya ndege, halafu unatega mabeseni na kila kitu chenye mdomo. Siku hiyo tulikuwa na maji ya kufulia kuliko wiki nzima. Kilichokosekana ni kamba. Yaani maji yakija, jua linaondoka. Jua likija, tunanunua maji.

Alhamisi asubuhi jua likatoka vizuri. Lakini Alhamisi ni ya jirani. Wifi alikuwa na nepi 14 kwenye beseni, zimekamuliwa, zimeanza kutoa ile harufu. Mnaijua: nguo mbichi ikilala siku nzima katika joto hili, ukiinusa kwenye mshono inanuka kama kitambaa cha kufutia meza, na ikishafika hapo lazima irudiwe kufuliwa. Nilikwenda kwa mama jirani nikamwomba nusu ya kamba.

Hakunifokea. Alikuwa ameshika shuka mbili mkononi. Aliniambia, "Dada, mvua haikutumwa na mimi."

Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika, lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba hakusema uongo. Mama jirani anafua nguo za watu kwa malipo. Zile shuka hazikuwa zake. Alhamisi ndiyo siku yake kubwa, kwa sababu wateja wake wanataka nguo zao kabla ya wikiendi. Mita 4 nilizoomba zilikuwa chakula cha watoto wake. Na kama ningekuwa mimi, na Jumanne mvua imenyesha juu ya siku yake, je, ningempa Jumatano yangu? Nakiri kwamba nilijaribu kukumbuka kama iliwahi kutokea, na ilikuwa imetokea, mara mbili, na yeye hakuniomba. Alikaa na nguo zake ndani.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria bila kuiandika: mvua ikinyesha siku yako, ni yako. Hasara inabaki palepale ilipoangukia. Sheria hiyo ina sura ya haki. Hakuna aliyeipanga mvua, haipendelei mtu, na kwa mwaka mzima huenda ikaanguka sawa sawa pande zote mbili. Wanaume wanaocheza matatu wanaishi kwa sheria hiyohiyo.

Wifi alitandaza nepi kwenye majani chini ya mti, na nyingine kwenye ukuta wa bafu upande wa kivuli, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Jioni zilikuwa nusu kavu. Akazikunja hivyohivyo. Hakupiga pasi. Pasi yetu ni ya makaa, na makaa ya kupigia nepi pasi kila siku hatuna.

Baada ya siku chache mtoto akaanza kulia usiku, na mgongoni na matakoni yakatoka majipu madogo, kila moja likiwa na tundu jeusi katikati. Mama yangu akayatazama kwa tochi ya simu, akasema, "Hii si jipu. Hii inapumua." Kituo cha afya nesi alipaka mafuta ya vaselini juu ya kila tundu ili aliyemo akose hewa, akasubiri, kisha akakamua. Walitoka saba. Wengi wenu mnamjua huyu mdudu, wengine humwita nzi wa maembe. Jike hataga mayai kwenye udongo mkavu wenye harufu ya mkojo, au kwenye nguo iliyo na unyevu, na anapenda kivuli, jua kali halipendi. Mayai yanaanguliwa katika siku moja hadi tatu, na mtoto wake anakaa kwenye kitambaa akisubiri ngozi. Anaingia bila mtu kusikia, anakua humo wiki moja na zaidi. Nepi iliyoanikwa kwenye majani, kivulini, nusu kavu, kwake ni kama mkeka uliotandikwa. Kamba juani inasaidia sana. Kinachomuua kwa uhakika ni pasi ya moto, pande zote mbili, na zaidi kwenye mishono na ukanda wa kiunoni.

Sitaki kusema kwamba mama jirani alimwumiza mtoto. Kaka alisema hivyo siku ile na nilimnyamazisha. Lakini sitaki pia kusema kwamba ni bahati mbaya tu. Nilikaa na swali hilo: sheria iliyokuwa sawa kwa wote imewezaje kumwumiza mmoja tu?

Nadhani kosa langu lilikuwa kuhesabu siku. Nilitazama karatasi nikaona 3 na 3 nikaridhika. Lakini siku iliyopotea haigharimu watu wote kitu kimoja. Kaka akipoteza Ijumaa, anavaa shati lilelile Jumatatu na wenzake wanamcheka kidogo. Mama jirani akipoteza Alhamisi, anakosa pesa, na mteja mmoja huenda asirudi. Mtoto wa miezi miwili akipoteza Jumatano, hasara inaingia kwenye ngozi yake. Na yeye ndiye peke yake asiyeweza kuvumilia wala kusubiri, wala hakukubali mchezo huo wa matatu. Kusema mvua itaanguka sawa pande zote kwa mwaka ni kweli kwa mtu anayeweza kungoja mwaka uishe.

Niliwaita wote tukae jioni, na nilimwomba mama jirani aje. Niliwapa wazo langu: tuhame wote. Mvua ikila siku ya mtu, kila mmoja anasogea siku moja mbele. Mama jirani alilikataa kabla sijamaliza, na sasa naona alikuwa sahihi. Wateja wake hawasogei. Sare za shule hazisogei, Jumatatu ni Jumatatu. Maji ya akiba ya Jumatatu hayapo Jumanne, maana hatuna vyombo vya kuyaweka, jerikeni zetu zote ni 11. Na katika mwezi wa nne mvua inaweza kunyesha siku 3 za wiki. Ukisogeza mara 3, hakuna anayejua tena leo ni ya nani, na asiyejua ndiye anayeamka mapema kuwahi kamba. Tungerudi tulipotoka, kabla ya karatasi.

Hapo kaka akaleta hoja yake. Kamba ameinunua yeye. Kodi sehemu kubwa ni yake. Kwa hiyo, alisema bila ubaya, kama kuna kugawa upya, waanze na mwenye kamba. Wifi mdogo akainamisha kichwa, kwa sababu yeye halipi chochote.

Kuna mfano wa Amartya Sen, mwanauchumi wa India, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu haki. Watoto watatu wanagombea filimbi moja. Mmoja anasema yeye peke yake ndiye anayejua kuipiga. Wa pili anasema yeye ni maskini, hana mchezo mwingine wowote. Wa tatu anasema yeye ndiye aliyeitengeneza. Sen anasema kila mmoja ana sababu nzuri, na hakuna njia rahisi ya kusema sababu moja inazifuta nyingine. Nilipousikia mfano huo mara ya kwanza, kwenye mafunzo fulani, niliuona kama fumbo la watu wenye muda. Jioni ile uani niliwaona wote watatu wamekaa kwenye mkeka: kaka aliyeleta kamba, mama jirani anayeitumia kupata riziki, na wifi asiye na kitu ila mtoto. Lakini kuna tofauti moja. Filimbi huwezi kuikata. Kamba ina urefu.

Mama yangu, ambaye alikuwa amenyamaza akichambua mchele, ndiye aliyesema. Alisema kwao kijijini kila aliyevuna aliacha sehemu ya pembeni, na hakuna aliyesema sehemu ile ni ya nani mpaka njaa ilipomchagua mwenyewe. Tukatoka na tochi. Tukapima mita moja na nusu upande wa nguzo ya baraza, ambako paa linafunika kidogo hata mvua ikinyesha nyepesi, na tukafunga kitambaa chekundu kuonyesha mpaka. Kipande hicho hakimo kwenye ratiba. Siku yoyote, iwe yetu au ya jirani, kinakaa wazi kwa nguo isiyoweza kungoja. Tulikubaliana nguo hizo ni zipi: nepi, na nguo za mgonjwa. Shati linavyotundikwa kwa pindo, likishiriki kibanio na jirani yake, linakula nusu mita. Kwa hiyo kila siku ya kufua, mwenye siku anapoteza nafasi ya mashati 3. Hiyo ndiyo bei yake, na inalipwa kila wiki hata mvua isiponyesha.

Nakubali, kipande hicho hakitoshi nepi 14. Zinatosha nepi 4 au 5 kwa wakati mmoja, zikikauka unaweka nyingine. Siku ya jua kali, kuanzia saa nne hadi saa kumi, wifi anazungusha mara 3. Ni kazi ya kukaa na kutazama. Lakini tangu hapo hakuna nepi iliyolala kwenye majani.

Ningeishia hapa, na ningekuwa na hadithi nzuri ya kuwaambia wageni wa mashirika. Lakini kuna jambo nililoligundua baadaye, na ndilo linalonisumbua zaidi kuliko mvua.

Yule binti wa miaka 15 ndiye anayebeba maji mengi. Kati ya jerikeni 8, tano ni zake, kabla ya shule na baada ya shule. Hilo nililijua na sikuliandika popote. Ratiba yangu iligawa kamba na maji, haikugawa mgongo unaoyaleta. Lakini siyo hilo nililotaka kusema. Siku moja niligeuza godoro ili nipige deki, nikakuta vitambaa vyake vya mwezi vimetandazwa kati ya godoro na ukuta. Vilikuwa vibichi, vimeanza madoa ya ukungu, na harufu ileile ya mshono. Alikuwa akivikausha hapo tangu tulipohamia. Na usiku, vikiwa bado na unyevu, alivivaa.

Nilimwuliza polepole, tukiwa wawili, kwa nini hakuleta kwenye kitambaa chekundu. Alinitazama kama nimesema kitu cha ajabu. "Shangazi, kaka anapita pale."

Nilikuwa nimekaa kwenye kikao nikiwa na furaha kwamba kila mtu amesikilizwa. Kaka alisema, jirani alisema, wifi alisemewa na mama yangu. Binti alikuwepo. Alikuwa ndiye aliyeshika tochi tulipopima kamba. Hitaji lake lilikuwa sawa na la nepi kabisa, kitambaa cha pamba kinachogusa ngozi laini na kinachotaka jua, na hakuna aliyelitaja, kwa sababu ni hitaji lisilotajwa mbele ya wanaume. Wifi wote wawili walijua, na mimi nilijua, maana sisi pia tuna vitambaa vyetu na kila mmoja ana maficho yake. Tuliigawa kamba kwa maneno, na nguo ambayo haina maneno haikupata kitu.

Watu wa mashirika wanapenda sana vikao vya jamii, na sipingi. Nasema tu kwamba kikao kinampa haki mtu anayeweza kusema mbele ya waliokaa. Kwa wengine kikao ni mlango uliofungwa vizuri zaidi, kwa sababu baadaye unaambiwa ulikuwepo.

Tulichofanya hakikupitia kikao. Wifi mkubwa ndiye aliyekionyesha, alikitoa kwa mama yake. Unatundika vitambaa kwenye kamba, halafu juu yake unatupia kitenge chepesi, kimoja tu, si kizito, kikiwa kimebanwa upande mmoja ili upepo upite chini. Jua kupitia kitenge chepesi si sawa na jua lenyewe, linachelewa karibu mara mbili, lakini si ukuta na godoro. Asubuhi mapema, kabla wanaume hawajaamka vizuri, na mchana wakiwa kazini, kitenge kinaondolewa kabisa. Kisha vyote vinapigwa pasi, mara moja kwa mwezi, na makaa ya pasi hiyo tumeyaingiza kwenye hesabu ya nyumba kama tunavyoingiza chumvi. Kaka ameona kitenge kimoja kisichokuwa na mwenyewe kikining'inia kila mwezi. Hajauliza, na nadhani ameelewa. Mtu anaweza kupisha nafasi bila kuambiwa anapisha nini, na mimi namheshimu kwa hilo zaidi ya kamba aliyonunua.

Najua kuna anayesoma hapa atakayesema nimeikubali aibu badala ya kuipinga, kwamba binti angepaswa kuanika vitambaa vyake waziwazi kama nepi. Labda. Nimefikiri sana juu ya hilo. Lakini ni nani atakayelipa gharama ya kuipinga? Siyo mimi mwenye miaka 40. Ni yeye, uani, mbele ya vijana wa mlango wa tatu. Akitaka siku moja kuondoa kitenge, nitasimama naye. Sitakiondoa mimi kwa niaba yake. Kuhusu maji, hilo halikuhitaji falsafa: sasa anabeba jerikeni 2, na 3 nyingine anazibeba kijana mkubwa wa kaka, ambaye alilalamika wiki mbili.

Limebaki jambo moja ambalo bado hatujamaliza. Alhamisi, mama jirani anapoteza mita moja na nusu kwa ajili ya mtoto wetu. Yeye hana mtoto mchanga. Katika miezi hii yote ametumia kile kipande mara moja tu, mwanawe alipougua malaria na kutapika kitandani. Sisi tunakitumia kila siku. Kwake mashati 3 ni pesa. Kwa hiyo niliamua kila Alhamisi tumpelekee jerikeni moja ya maji. Wiki ya kwanza aliikataa, ya pili akaipokea.

Kaka hapendi. Anasema kama kipande kile ni haki ya mtoto, hatuwezi kukilipia, na tukikilipia tumekubali kwamba ni upole wa jirani, na upole unaweza kukoma siku yoyote jerikeni ikikosekana. Kuna ukweli katika maneno yake na umenifanya nikose usingizi. Mimi ninamjibu kwamba mtoto ana haki ya sehemu kavu, lakini hakuna palipoandikwa kwamba haki yake ilipiwe na mwanamke mmoja Mrundi anayefua shuka za watu. Haki ni yake mtoto, na bili ni yetu sote. Ile jerikeni tunaitoa kwenye akiba ya Ijumaa, kwa hiyo Ijumaa tunafua kwa moja badala ya mbili, na nguo za kazi za kaka ndizo zinazoingia mwisho, katika povu lililochoka.

Sasa ndiyo unaelewa kwa nini hapendi. Na hapo pia sijui kama nimemtendea haki.

Leo ni Jumatano. Upande wa Ziwa kumeanza kuwa cheusi, na wifi ameshaning'iniza nepi 5 kwenye kitambaa chekundu. Mama jirani amenipigia kelele kutoka mlangoni kwake nitoe mabeseni nje.